Habari Humfikia Nani Kwanza

Oktoba 2005, wateja wasiofika 500 wa Faulu Kenya, taasisi inayokopesha wafanyabiashara wadogo, waligawiwa simu za mkononi zenye laini mpya za Safaricom. Walikuwa watu wa Nairobi na Thika. Waliambiwa kwamba sasa wataweza kupokea mkopo na kulipa marejesho kwa simu, badala ya kubeba fedha taslimu hadi kwenye mkutano wa kikundi, kumkabidhi mweka hazina, naye aende kupanga foleni benki. Fedha zenyewe wangeziweka na kuzitoa kwenye maduka machache ya vocha yaliyochaguliwa. Mpango wote ulikuwa huo. Ulikuwa mpango wa mikopo, na haukumhusu kijana wa mjini anayetaka kumtumia mama yake fedha za unga.

Haukupita muda mrefu watu wakaanza kufanya mambo ambayo hawakufundishwa. Wengine walimlipia mwenzao marejesho, naye akawalipa kwa kazi. Wenye biashara kubwa kidogo waliingiza mauzo ya jioni kwenye simu yalale humo, kwa kuwa benki zilikuwa zimeshafunga na maduka ya vocha bado yako wazi. Waliosafiri kati ya miji hiyo miwili waliweka fedha upande mmoja na kuzitoa upande wa pili, safarini mfuko mtupu. Wapo pia walionunua salio kwa fedha za kwenye simu na kuwarushia jamaa zao mashambani, iwe ndiyo namna ya kuwatumia chochote.

Ukiwa afisa mikopo, haya yote yalikuwa kero. Hesabu za kwenye simu hazikulingana kirahisi na vitabu vya ofisini. Zaidi ya hapo, mwanachama anayelipa kwa simu haoni sababu ya kuja mkutanoni, na mkutano ndio uliokuwa uti wa mgongo wa mikopo ile, maana wanakikundi hudhaminiana kwa kutazamana usoni. Muuza vocha kwa upande wake alikuwa na wateja kadhaa wapya, basi. Kila mmoja aliona kilichopita mbele ya kiti chake.

Waliokuwa na nafasi ya kuona kwamba vituko hivi vyote ni kitu kimoja, yaani watu wanataka kuhamisha fedha kutoka mahali hadi mahali na kutoka mtu hadi mtu, ni wale wachache waliozunguka pande zote. Mmoja ni Susie Lonie, mtaalamu wa Vodafone ya Uingereza aliyeletwa Kenya kusimamia jaribio lile. Kazi yake ilimpeleka Safaricom, Faulu, benki, kwa waandishi wa programu na madukani. Mwingine ni Nick Hughes, mwenzake wa Vodafone aliyelianzisha wazo lenyewe. Machi 2007 huduma ilipozinduliwa nchi nzima kwa jina la M-Pesa, marejesho ya mikopo yalikuwa yamewekwa kando, na kutuma fedha ndiko kulikokaa mbele.

Historia hii kwa kawaida husimuliwa kama habari ya teknolojia. Ninavyoona mimi, inafundisha zaidi ikisomwa kama habari ya mahali mtu aliposimama. Kuna watu ambao kazi, ukoo au pilikapilika zao zimewaweka kati ya makundi yasiyojuana. Simsemi dalali wa vyumba au wa mazao tu, ingawa naye yumo. Naweza kumsema muuguzi aliyeolewa katika ukoo wa wavuvi, au dereva wa lori anayejulikana Tunduma na Kariakoo. Wanasosholojia wamewachunguza watu hawa kwa zaidi ya miaka 30, na wanachokikuta kinajirudia: habari na nafasi huwafikia mapema.

Sababu yake haina uchawi. Chukua mafundi samani wawili wa Keko, Dar es Salaam, niliowatunga kwa ajili ya kueleza. Kila mmoja ana watu 6 anaozungumza nao kwa kawaida kuhusu kazi. Watu 6 wakipangwa wawili wawili wanatoa jozi 15. Wa kwanza, watu wake wote 6 ni mafundi wa mtaa huohuo, na jozi zote 15 zinajuana. Bei ya mbao ikipanda, atasikia kutoka kwa watu 6, lakini habari ni ileile, kwa kuwa wao wenyewe wameambiana kabla ya kumwambia yeye. Ana masikio 6 ukutani pamoja na chumba kimoja tu cha kusikiliza. Kila anachokijua, jirani yake anakijua tayari, na kazi inayotangazwa mtaani anaigombea na mtaa mzima.

Wa pili ana mafundi 2 wa Keko. Wengine 4 ni mfanyabiashara wa mbao kule Mafinga, msimamizi wa ununuzi katika hoteli moja Zanzibar, mkandarasi wa nyumba, na mwanamke anayeshona vitambaa vya makochi Kariakoo. Katika jozi 15, inayojuana ni moja tu, ile ya mafundi wa Keko. Fundi huyu hana marafiki wengi kuliko mwenzake, wala pengine hana akili kumzidi. Lakini mtu wa Mafinga akimwambia kwamba malori yamepungua, anajua bei itapanda kabla mtaa haujajua. Msimamizi wa hoteli akilalamika kwamba vitanda vya mbao fulani vinaliwa na unyevu wa pwani, analisikia lalamiko ambalo mkandarasi wake hajalisikia, na huenda anajua tayari, kutoka Mafinga, ni mbao gani iliyotibiwa ingefaa. Wazo hilo halikutoka kichwani mwake peke yake. Nusu yake ilikuwa Zanzibar na nusu Mafinga, na nusu hizo hazikuwa na mahali pa kukutania isipokuwa kwake.

Kuna na la tatu. Huyu fundi ndiye anayeamua nani amjue nani, na lini. Hoteli ikitaka makochi 40, ni yeye atakayemtaja mshonaji wa Kariakoo, au asimtaje. Nafasi inapita mikononi mwake kabla haijawa tangazo.

Ronald Burt, mwanasosholojia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Chicago, ndiye aliyelifanya jambo hili kuwa somo la kupimika. Katika kitabu chake cha 1992 aliweka mkazo kwenye mapengo, yaani zile sehemu za mtandao wa watu ambazo kundi na kundi haziongei. Faida, alisema, imelala kwenye pengo, na anaipata anayelivuka. Baadaye akaenda kulijaribu hilo katika kampuni kubwa ya elektroniki ya Marekani, kwa mameneja 673 waliohusika na ununuzi na ugavi. Kampuni ile ilikuwa na vitengo vingi vilivyofanya kazi zinazofanana bila kujuana sana, na hilo ndilo lililofanya mahali pale pafae.

Burt aliwauliza mameneja hao swali jepesi: ukipewa nafasi ya kubadili jambo moja ili ugavi uende vizuri zaidi, ungebadili nini? Kisha akawauliza wazo hilo wamezungumza na nani, na watu wanaozungumza nao kwa kawaida ni akina nani na wanajuana kiasi gani. Majibu yalichanganywa, majina yakaondolewa, yakapelekwa kwa wakubwa wawili wa kampuni walioufahamu ugavi vizuri, nao wakayapa alama bila kujua nani kaandika lipi.

Matokeo aliyachapisha 2004. Mawazo yaliyopata alama za juu yalitoka kwa kiasi kikubwa kwa mameneja ambao watu wao walitawanyika katika makundi tofauti. Wale ambao watu wao wote walijuana walipata alama ndogo, na mara nyingi wazo lao lilitupwa kando kama kitu kisicho na maana. Hata mishahara, tathmini za kazi na kupandishwa vyeo vilifuata mwelekeo huohuo.

Linalonivutia katika utafiti huu ni jinsi mawazo mazuri yanavyoweza kuwa ya kawaida mno. Burt mwenyewe anayalinganisha na biashara ya kuingiza na kutoa bidhaa: kitu ambacho upande huu ni mazoea ya kila siku, kikivushwa pengo kinaonekana uvumbuzi. Anayekivusha husifiwa kwa ubunifu, na pengine sifa hiyo imezidi kidogo. Kule kitokako kitu hicho kuna watu wengi wangeshangaa kwamba kuna mtu amepewa tuzo kwa kukisema.

Kwa darubini hiyo tumrudie Nick Hughes, maana jinsi alivyoipata nafasi ya kuanza ni mfano mzuri kuliko hata huduma yenyewe. Hakuwa akiendesha mtandao wa simu wala hakuwa mtu wa benki. Alikuwa katika upande wa Vodafone unaoshughulikia wajibu wa kampuni kwa jamii, ofisi ambayo katika makampuni mengi haina uzito wa ile ya mauzo. Lakini ofisi hiyo ilimfikisha kwenye mikutano ambayo wauza simu hawakuwa na habari nayo. Mmojawapo ni mkutano wa dunia wa maendeleo endelevu uliofanyika Johannesburg 2002. Katika duara hilo la watu wa maendeleo ndipo aliposikia kwamba serikali ya Uingereza ina mfuko wa kuchangia makampuni yanayotaka kujaribu njia mpya za kuwafikishia maskini huduma za fedha. Kampuni iweke sehemu yake, serikali iweke yake.

Kwa mtu wa misaada, mfuko ule haukuwa siri hata kidogo. Kwa mtu wa simu, ulikuwa kama haupo. Na ndani ya Vodafone kulikuwa na tatizo ambalo watu wa misaada hawakulijua: miradi hushindania mtaji, na mradi wa huduma za fedha kwa maskini wa Afrika Mashariki usingepata hata nafasi ya kusikilizwa mbele ya miradi yenye faida ya haraka. Fedha za serikali, karibu pauni milioni 1, ziliuondoa mradi huu kwenye foleni hiyo. Vodafone ikachangia kiasi kinachokaribiana na hicho, sehemu kubwa ikiwa ni muda wa watu wake. Aliyejua matatizo ya upande mmoja na fedha za upande wa pili ndiye pekee aliyeweza kuona kwamba kimoja kinatibu kingine.

Na haikuishia hapo. M-Pesa ilipokwisha kusambaa, Hughes na wenzake wawili walianzisha M-KOPA, kampuni iliyoanza kuuza umeme wa jua nchini Kenya 2012. Mteja alitoa kianzio, akachukua paneli, taa na chaja ya simu, kisha akalipa kidogo kidogo kila siku kwa M-Pesa mpaka kifaa kiwe chake. Ndani ya kifaa mlikuwa na laini ya simu, kwa hiyo malipo yalipokatika taa zilizimwa kutoka mbali. Ili kuiona biashara hii mapema ilibidi mtu ajue mambo matatu kwa pamoja: kwamba kaya nyingi zinanunua mafuta ya taa kwa kipimo cha siku, kwamba kifaa kinaweza kufungwa kwa laini, na kwamba malipo madogo sasa yanaweza kukusanywa bila mtu wa kupita nyumba kwa nyumba. Wafundi wa sola walijua jambo moja, watu wa simu moja, wakopeshaji moja.

Ukitaka kujua wewe umesimama wapi, hesabu ya yule fundi wa Keko inatosha. Andika majina ya watu 6 uliozungumza nao kuhusu kazi mwezi huu, kisha pitia zile jozi 15 na uweke alama kwa wanaojuana. Ukipata 12 au 13, una chanzo kimoja cha habari kilichovaa mashati 6. Ukipata 3 au 4, uko kwenye mapengo. Lakini usikimbilie kujipongeza, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapokosea somo.

Kwanza, uhusiano unaovuka pengo haudumu. Burt aliwafuatilia wafanyakazi wa benki moja mwaka hadi mwaka akakuta kwamba katika kila mahusiano 10 ya aina hii, 9 hayakuwepo mwaka uliofuata. Ukigombana kidogo na jirani wa Keko, wapo watu 5 wa kuwasuluhisha, na mtaonana kesho kisimani mpende msipende. Ukinyamaziana na mtu wa Mafinga, hakuna wa kukukumbusha wala wa kukuombea msamaha. Anayebaki kuwa kiungo kwa miaka mingi anakuwa ameshajifunza kupiga simu isiyo na shida ndani yake, kupeleka habari kabla hajaomba.

Pili, huwezi kuazima nafasi hii kwa kuwa rafiki wa mwenye nayo. Inaonekana kama njia ya mkato: nitakaa karibu na mtu anayejua watu, habari zitanifikia. Katika utafiti aliouchapisha 2007, Burt alikuta faida hiyo ya mkono wa pili ni kidogo mno, wakati mwingine haipo kabisa. Ujuzi wenyewe hauhamishiki kirahisi. Fundi wetu anaelewa lalamiko la hoteli kwa sababu amekiona kile kitanda kilichovimba, ameisikia sauti ya msimamizi na anajua hoteli inalipa baada ya siku ngapi. Rafiki yake anayehadithiwa jioni anapata kisa tu.

Tatu, na hili kwetu ni zito, mtu wa kati huitwa ndumilakuwili haraka. Wa Keko watasema amewauza kwa Wazanzibari, na wa Zanzibar watataka kujua anaweka kamisheni kiasi gani. Kuna mahali ambapo shaka hiyo inageuza faida kuwa hasara. Zhixing Xiao na Anne Tsui walichunguza makampuni manne ya teknolojia ya China, wakakuta kwamba palipothaminiwa sana mshikamano, waliosimama kwenye mapengo hawakupata faida, na wakati mwingine walirudi nyuma kikazi. Waliofanikiwa ni walioziba mapengo, wakawakutanisha watu na kuwaachia wajuane moja kwa moja. Sidhani tabia hiyo ni ya China peke yake. Katika ofisi nyingi za kwetu, anayekaa na habari kwapani ili aonekane wa maana hujulikana, na siku ya kumtetea hapatikani mtu.

Hata pale Marekani faida haikugawanywa sawa. Katika kampuni moja aliyoichunguza mapema, Burt aliona kwamba wanawake, na wanaume waliokuwa wageni katika ngazi ya umeneja, hawakupandishwa haraka kwa kuwa na watu wao wenyewe waliotawanyika. Walipandishwa walipoingizwa katika mtandao wa mkubwa aliyekubalika tayari. Mtandao ni uleule, ila mwanamume mwenyeji akivuka pengo anaonekana mjanja, na mwanamke akivuka anaulizwa anafuata nini kule. Kwa mtu wa namna hiyo, mdhamini wa kumtambulisha upande wa pili huja kabla ya majina mapya kwenye simu.

Halafu kuna lililotokea kwa mawazo ya wale mameneja 673. Ungetegemea kampuni iyachukue yaliyoongoza kwa alama na kuyafanyia kazi. Sehemu kubwa hayakwenda popote. Burt alipotazama mameneja walizungumza mawazo yao na nani, akakuta mara nyingi ni mtu wa karibu kazini, aliye katika kundi lilelile. Wazo lilivuka pengo kuingia, likakosa wa kulivusha tena kwenda kwa mwenye kalamu ya kuidhinisha. Anayesikia mapema mara nyingi yuko pembezoni mwa kila kundi analoligusa, na pembezoni sauti haifiki mbali. Mradi wa Hughes ulikuwa na pauni za serikali nyuma yake, jambo ambalo mkubwa yeyote wa kampuni huliona hata kama hajawahi kufika Thika. Mameneja wale walikuwa na wazo zuri na mwenzao wa meza ya pili, ambaye aliafiki kwa kichwa akarudi kwenye kazi yake.